Kodi ya mazingira na makato ya mshahara: faida ya pili inatoka mfukoni mwa nani?

*Swali: "Mimi ni mhasibu, kila mwezi naandaa mishahara na naona makato yanavyommaliza mfanyakazi. Nimesikia wanauchumi wakisema serikali ikitoza kodi kwenye mafuta na moshi, halafu pesa hizo ikapunguzia kodi ya mshahara, nchi inavuna mara mbili: hewa safi na ajira zaidi. Ni kweli? Na kama ni kweli, mbona nchi nyingi hazifanyi hivyo?" Msomaji, Morogoro*

Ndugu yangu, faida ya kwanza ipo. Ya pili mara nyingi haipo kwa ukubwa unaoahidiwa, na pale inapopatikana huwa kuna watu walioilipia bila kuulizwa. Hilo la mwisho ndilo linalosemwa kwa nadra, kwa hiyo nitakaa nalo zaidi.

Tuanze na kile ambacho hoja hii inakiona sawasawa. Kodi ya mshahara ina hasara isiyoandikwa popote kwenye karatasi zako za malipo. Chukua fundi ambaye saa yake moja inamfaa mwajiri kwa shilingi 10,000. Kodi ni asilimia 30, kwa hiyo fundi anaondoka na 7,000. Sasa kuna saa za ziada ambazo fundi angekubali kuzifanya kwa 8,000 au 9,000, na mwajiri angezilipia kwa furaha, lakini hazifanyiki kwa sababu kodi imesimama katikati yao. Kwenye saa hizo serikali haipati hata senti, mwajiri hapati kazi, fundi hapati kipato. Hiyo ndiyo hasara yenyewe. Hizo 3,000 zinazokwenda serikalini hazijapotea, zimehama mfuko tu. Kilichopotea ni kazi ambayo haikufanyika.

Kodi ya moshi inaonekana kuwa kinyume chake kabisa: inazuia kitu tunachotaka kipungue. Ndiyo maana mwaka 1991 mwanauchumi wa Uingereza David Pearce alipoandika kuhusu kodi ya hewa ukaa na kuzungumzia faida maradufu, wazo lilienea haraka. Acha kutoza kazi, toza uchafu, utapona pande zote mbili. Wapo waliokwenda mbali zaidi wakasema hatuhitaji hata kubishana kuhusu ukubwa wa madhara ya tabianchi, kwa kuwa kodi hii ingejilipa yenyewe kwa kuleta ajira.

Mwaka 1994 Waholanzi wawili, Lans Bovenberg na Ruud de Mooij, walikaa wakauliza swali ambalo mhasibu angeliuliza mapema kuliko wote: huyo fundi aliyepunguziwa kodi ya mshahara, mafuta yaliyopanda bei anayalipia kwa pesa ipi?

Turudi kwake na tupige hesabu. Kwenye 7,000 zake anatumia 1,000 kwa petroli na 6,000 kwa mengine yote. Serikali inaweka kodi ya asilimia 20 kwenye petroli. Kama fundi hatabadilisha chochote, atalipa shilingi 200 zaidi. Serikali inazichukua hizo 200 na kupunguza kodi yake ya mshahara kutoka 3,000 hadi 2,800, kwa hiyo sasa anapokea 7,200. Anatoa 200 kwenye kituo cha mafuta, anabaki na 7,000 zilezile. Saa yake ya kazi inamnunulia vitu vilevile alivyokuwa akinunua jana. Hana sababu yoyote mpya ya kufanya kazi zaidi. Kodi imehama kutoka mstari mmoja wa karatasi kwenda mwingine, lakini aliyebanwa ni yuleyule.

Mpaka hapo ni sare. Lakini kodi ya mazingira haiwekwi ili watu wasibadilike. Tuseme fundi anapunguza safari za pikipiki, anapanda daladala siku kadhaa, na petroli yake (kwa bei kabla ya kodi) inashuka kutoka 1,000 hadi 900. Hapo ndipo mazingira yanapofaidika. Lakini makusanyo sasa ni 180, si 200, kwa hiyo nafuu ya mshahara nayo ni 180. Anapokea 7,180, anatoa 180 za kodi, anabaki na 7,000 za kutumia. Kwa pesa ni zilezile, ila sasa anazitumia kwa mpangilio ambao mwanzoni hakuuchagua: petroli ya 900 na mengine ya 6,100. Alikuwa na uwezo wa kupanga hivyo tangu zamani na hakutaka, kwa sababu pikipiki ilimfikisha kazini upesi. Usumbufu huo una bei. Kwa makadirio ya kawaida ya kiuchumi ni nusu ya kodi mara kiasi kilichopungua, yaani nusu ya asilimia 20 ya shilingi 100, ambayo ni shilingi 10. Kwa hiyo, tukiweka kando hewa safi, saa yake ya kazi sasa ina thamani ya 6,990 kwake. Motisha ya kufanya kazi imeshuka kidogo badala ya kupanda.

Ongeza kodi hadi asilimia 40 na petroli ishuke hadi 800. Makusanyo ni 320, na usumbufu, kwa kanuni ileile, ni nusu ya asilimia 40 ya 200, yaani shilingi 40. Kodi imeongezeka mara mbili, gharama imeongezeka mara nne. Kadiri kodi inavyofanikiwa kupunguza moshi, ndivyo wigo wake unavyosinyaa na ndivyo nafuu ya mshahara inavyokosa pesa. Kodi inayoingiza pesa nyingi kwa uhakika ni ile ambayo watu hawaikwepi, na kodi ambayo watu hawaikwepi haisafishi hewa. Huwezi kuidai kodi moja ifanye kazi zote mbili kwa nguvu ileile.

Sijasema shilingi 10 zile ni sababu ya kuacha kodi ya petroli. Kama petroli iliyoachwa ilikuwa inawadhuru majirani kwa thamani ya shilingi 20, nchi imepata faida safi. Ninachosema ni kwamba faida hiyo inatokana na hewa, na ndiyo itakayobeba uamuzi. Bovenberg na de Mooij walionyesha hata kwamba kodi za mshahara zikiwa nzito, kodi inayofaa kwa uchafuzi iko chini kidogo ya madhara yenyewe. Ikiwa kila shilingi ya kodi inaigharimu nchi shilingi 1.25 kwa sababu ya kazi inayopotea, na lita moja inadhuru kwa shilingi 200, basi kodi inayofaa ni karibu 160. Katika miaka ya mwanzo ya tisini wengi walikuwa wakifikiri kinyume, kwamba kodi ya kazi ikiwa nzito basi kodi ya moshi ipande hata juu ya 200.

Kuna toleo dogo la hoja hii ambalo limesimama imara, na nakuomba ulitofautishe na lile kubwa. Mwanauchumi Lawrence Goulder alilipanga vizuri mwaka 1995. Toleo kubwa linasema kodi ya mazingira pamoja na punguzo la kodi ya mshahara inaleta faida hata kama moshi hausumbui mtu. Hilo ndilo tulilolikwamisha hapo juu. Toleo dogo linasema hivi tu: ukishaamua kutoza kodi ya mazingira, kuzitumia pesa zake kupunguza kodi inayovuruga kazi ni bora kuliko kuzigawa sawa kwa kila mtu bila masharti. Hili ni kweli karibu kila mahali. Na lina meno, kwa sababu serikali nyingi zimetoa vibali vya kuchafua bure kwa viwanda badala ya kuviuza. Bei ya bidhaa inapanda vilevile, fundi anabanwa vilevile, lakini hakuna makusanyo ya kumpunguzia makato. Kwa ufanisi wa uchumi hiyo ni njia mbaya kuliko kodi, hata kama moshi unapungua kwa kiasi kilekile.

Sasa twende Ujerumani, kwa sababu huko jambo hili lilifanywa kwa makusudi na kwa ukubwa. Serikali ya Gerhard Schröder, ya muungano wa chama cha Social Democrats na chama cha Kijani, iliingia madarakani mwaka 1998 nchi ikiwa na zaidi ya watu milioni 4 wasio na kazi. Michango ya pensheni ilikuwa asilimia 20.3 ya mshahara, nusu kwa mwajiri na nusu kwa mfanyakazi, na kila mtu aliona kwamba mzigo huo unafanya kumwajiri mtu kuwa ghali. Kuanzia tarehe 1 Aprili 1999 petroli na dizeli ziliongezewa kodi ya pfenigi 6 kwa lita, yaani senti za Ujerumani za kabla ya yuro, na hatua kama hiyo ikarudiwa kila mwaka hadi 2003. Jumla yake ni senti 15.35 za yuro. Umeme ukawekewa kodi mpya iliyofika senti 2.05 kwa uniti. Karibu pesa zote zikaelekezwa kwenye mfuko wa pensheni ili michango ishuke. Kufikia 2003 makusanyo yalikuwa zaidi ya yuro bilioni 18 kwa mwaka, na ilikadiriwa kwamba bila kodi hiyo michango ingekuwa juu kwa pointi 1.7.

Tupige hesabu ya nyumba moja, kwa bei za 2003. Mfanyakazi wa mshahara wa yuro 2,500 anaokoa nusu ya pointi 1.7, yaani asilimia 0.85 ya mshahara, sawa na yuro 21.25 kwa mwezi. Anaendesha gari linalokula lita 100 kwa mwezi na anatumia uniti 250 za umeme. Ukijumlisha na VAT ya asilimia 16 iliyotozwa juu ya kodi hiyo, petroli inamchukulia yuro 17.81 na umeme 5.95, jumla 23.76. Amepoteza yuro 2.51, na sijaweka gesi ya kupashia nyumba joto. Jirani yake mwenye mshahara uleule lakini anayetumia lita 60 analipa 16.63, kwa hiyo anabaki na faida ya yuro 4.62. Ukiwatazama wafanyakazi tu, ni sare inayoyumba huku na huku kulingana na umbali wa kwenda kazini, kama tulivyotarajia kwenye mfano wa fundi.

Lakini mwajiri naye ameokoa yuro 21.25 kwa mfanyakazi huyohuyo. Zimetoka wapi? Ghorofa ya chini anaishi mzee mstaafu anayenunua lita 40 na kutumia uniti 150. Analipa kodi mpya ya karibu yuro 10.70 kwa mwezi, na nafuu yake ya moja kwa moja ni sifuri kwa sababu hakatwi mchango wa pensheni. Mwanafunzi naye ni hivyohivyo. Mtumishi wa serikali mwenye hadhi maalumu hayumo kwenye mfuko huo wa pensheni, na wengi waliojiajiri hawamo pia. Wote hawa waliingia kwenye kodi ya nishati bila kuingia kwenye punguzo. Hapo ndipo faida ya pili ilipopatikana: gharama ya kuajiri ilipungua kwa sababu sehemu ya mzigo ilitoka kwa wanaofanya kazi ikaenda kwa wasiofanya kazi za mshahara.

Mimi sioni hilo kuwa kosa moja kwa moja. Katika nchi yenye wastaafu wengi na vijana wachache, kuwataka wastaafu wachangie kidogo kunaweza kutetewa. Lakini litetewe hadharani kwa jina lake. Lisiuzwe kama faida iliyoshuka kutoka angani.

Ujerumani pia inaonyesha mahali pengine mpango unapovuja. Viwanda na kilimo, kwa hofu ya ushindani wa nje, vililipa mwanzoni asilimia 20 tu ya nyongeza ya umeme na ya mafuta ya kupashia joto, baadaye 60 kuanzia 2003. Makaa ya mawe, ambayo ni machafu kuliko yote, hayakuguswa. Na uniti ya umeme ilitozwa kiasi kilekile iwe imetoka kwenye makaa au kwenye gesi. Kwa hiyo hata faida ya kwanza ilikuwa ndogo kuliko ambayo pesa hizo zingeweza kununua. Madereva walipunguza petroli, lakini sehemu ya upungufu huo ilikuwa watu wa mipakani kwenda kujaza tangi Luksemburgi na Polandi. Moshi wa lita hizo ulikuwepo, kodi yake haikuwepo.

Kisha kuna jambo la macho ya mwananchi. Michango ilishuka hadi 19.1 mwaka 2001, halafu ikapanda tena hadi 19.5 mwaka 2003, kwa sababu mfuko wa pensheni ulikuwa na shida zake zingine. Mfanyakazi akitazama karatasi yake ya malipo anaona 20.3 imekuwa 19.5, si pointi 1.7. Sehemu kubwa ya nafuu ilikuwa kuzuia makato yasipande, na kitu kilichozuiwa hakionekani. Petroli anaiona kila wiki. Wapinzani walikuwa na maneno makali kwamba wananchi wanaambiwa waendeshe magari kwa kasi ili wazee wapate pensheni, na ingawa ilikuwa siasa, ilikuwa imegusa kidonda kilekile tulichokiona kwenye hesabu: mfuko wa pensheni unataka lita zisipungue, mazingira yanataka zipungue.

Mkoa wa British Columbia nchini Kanada ulijaribu kulitatua hilo la kuaminiana kwa sheria. Ulianza kodi ya hewa ukaa mwezi Julai 2008 kwa dola 10 za Kanada kwa tani, ikafika 30 mwaka 2012, na sheria ikamlazimisha waziri wa fedha kuonyesha kila mwaka pesa zote zimerudi kwa njia gani: kodi ya mapato kwa ngazi za chini, kodi ya kampuni, na malipo ya moja kwa moja kwa watu wa kipato kidogo. Sharti hilo liliondolewa mwaka 2017, na Aprili 2025 kodi yenyewe ikafutwa kwa watumiaji wa kawaida.

Sasa hapa kwetu, na hapa ndipo swali lako la pili linapopata jibu lake. Mshahara unaouandaa wewe unakatwa kodi ya hadi asilimia 30, NSSF, na mwajiri analipa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, SDL. Lakini wanaopitia kwenye karatasi kama zako ni wachache kati ya wote wanaofanya kazi Tanzania. Mama lishe, dereva wa bodaboda, mkulima wa Kilosa hawakatwi kitu kwenye mshahara, kwa sababu hawana mshahara. Petroli na dizeli zinawafikia wote, kama si kwenye pampu basi kwenye nauli na kwenye bei ya gunia la mahindi.

Kwa mtazamo wa ufanisi tu, hali hiyo inaipa faida ya pili nafasi kubwa kuliko Ulaya. Wanauchumi Antonio Bento, Mark Jacobsen na Antung Liu wameichunguza hoja hii kwa nchi zenye sekta kubwa isiyo rasmi: kodi ya nishati inawagusa hata wasio kwenye daftari, na punguzo la kodi ya mshahara linafanya ajira rasmi kuwa nafuu, kwa hiyo shughuli nyingine zinavutwa kuingia kwenye mfumo. Hoja hiyo naiona ni ya kweli. Lakini iangalie kwa macho yaleyale tuliyomwangalia mzee wa ghorofa ya chini. Anayeongezewa mzigo ni dereva wa bodaboda. Anayepunguziwa ni wewe na mimi, wenye mishahara, na mwenye mshahara mkubwa anapunguziwa zaidi. Kama nafuu itapitishwa kwenye kodi ya mshahara ya ngazi ya juu, sitaiunga mkono hata kama hesabu ya ufanisi inakubali.

Njia ninayoiona inafaa zaidi ni kupitisha nafuu upande wa mwajiri, kwenye SDL. Kwanza haitegemei kama mfanyakazi ana kipato cha kufikia kiwango cha kutozwa kodi, maana wengi wa mishahara midogo hawafiki, na ukiwapunguzia kodi ya mapato hujawapa kitu. Pili, inagusa moja kwa moja uamuzi wa kumwajiri mtu wa kumi, kwa sababu tozo hiyo inaanzia kwa waajiri wenye wafanyakazi kumi. Imeshashuka kwa miaka kutoka asilimia 6 hadi 3.5, kwa hiyo si jambo geni kwa Hazina. Ila nafuu hiyo haimfikii dereva wa bodaboda, na sehemu ya makusanyo ingebidi itengwe kwa ajili yake kwa njia nyingine, na kila shilingi utakayoitenga inapunguza ile faida ya pili. Hapo hakuna ujanja wa kukwepa kuchagua.

Na kabla ya yote hayo, tazama kinachotozwa. Makaa ya mawe ya Ujerumani yana ndugu yake hapa, nayo ni mkaa. Ukiweka kodi kwenye gesi ya kupikia kwa sababu ni mafuta ya visukuku na ni rahisi kuikusanya kwa wasambazaji wachache, familia ya Manzese hairudi kwenye hewa safi, inarudi kwenye gunia la mkaa ambalo halikupita kwenye pampu wala kwenye mizani ya kodi. Kenya iliweka VAT ya asilimia 16 kwenye gesi ya kupikia Julai 2021, ikaishusha hadi 8 mwaka uliofuata, na mwaka 2023 ikaiondoa. Kodi ya namna hiyo inapoteza faida ya kwanza na ya pili kwa pamoja, kwa sababu misitu inakatwa na makusanyo yanakimbia.